Shilingi 100 kwa kila malipo au asilimia 2.5: hesabu ya muuzaji wa oda ndogo

*Swali: Ndugu mtaalamu, habari za kazi. Nauza karanga za kukaanga, ubuyu na zabibu kavu kwa oda za simu na mtandao hapa Dodoma. Mwezi uliopita nilipokea malipo 420 ya shilingi 1,000, malipo 510 ya shilingi 2,000, malipo 230 ya shilingi 3,000, na malipo 40 ya shilingi 30,000 kutoka kwa wenye maduka. Kampuni moja ya malipo inataka shilingi 100 kwa kila malipo, nyingine inataka asilimia 2.5. Naomba unisaidie, nichukue ipi? – Msomaji, Nkuhungu*

Ndugu yangu wa Nkuhungu, nashukuru kwa kutuma mchanganuo wa malipo yako, kwa kuwa bila mchanganuo huo jibu lolote lingekuwa la kubahatisha. Kwa hesabu zako, asilimia 2.5 ndiyo nafuu. Hata hivyo, unafuu huo unaweza kumezwa na kifungu kimoja tu cha mkataba, na kwa jinsi wateja wako walivyogawanyika, yapo matumizi ya kampuni zote mbili kwa pamoja yanayokuachia fedha nyingi kuliko kuchagua mojawapo.

Malipo yako ya mwezi ni 1,200 na thamani yake ni shilingi 3,330,000. Kampuni ya shilingi 100 haitazami ukubwa wa malipo, inahesabu idadi tu, kwa hiyo ingekukata shilingi 120,000. Kampuni ya asilimia haitazami idadi, inatazama thamani, kwa hiyo ingekukata shilingi 83,250. Tofauti ni shilingi 36,750 kwa mwezi.

Mpaka kati ya mifumo hii miwili hupatikana kwa kugawanya ada isiyobadilika kwa asilimia: 100 gawanya kwa 0.025 ni 4,000. Malipo ya shilingi 4,000 hukatwa shilingi 100 kokote utakakoyapeleka. Malipo yaliyo chini ya hapo ni nafuu kwenye asilimia, na yaliyo juu ya hapo ni nafuu kwenye ada isiyobadilika. Ukitaka kujua ni kampuni ipi nafuu kwa biashara nzima, inatosha kulinganisha wastani wa malipo yako na mpaka huo. Wastani wako ni shilingi 3,330,000 gawanya kwa 1,200, yaani shilingi 2,775, na uko chini ya 4,000. Tafadhali zingatia kwamba wastani unaotakiwa hapa ni thamani yote iliyogawanywa kwa idadi ya malipo, wala si bei inayonunuliwa zaidi. Wauzaji wengi wanapoulizwa wastani wao hutaja bei ya pakiti inayotoka sana, ambayo kwako ni shilingi 2,000, na hesabu yao inaharibika kabla haijaanza.

Wastani huo, pamoja na usahihi wake, unaficha jambo ambalo mwenye bidhaa ndogo anapaswa kulitazama kwa karibu. Ada hutolewa kwenye faida, haitolewi kwenye bei. Chukua pakiti yako ya karanga ya shilingi 1,000 na tuseme kwamba, ukishatoa karanga mbichi, chumvi, mkaa, mfuko na nauli ya bodaboda, unabakiwa na shilingi 250. Ada ya shilingi 100 inachukua asilimia 40 ya faida hiyo. Ada ya asilimia 2.5 inachukua shilingi 25, yaani asilimia 10. Una malipo 420 ya namna hii kila mwezi. Mtu anayesema kwamba shilingi 100 ni kidogo anailinganisha na fedha iliyomo mfukoni mwake, hailinganishi na kile ambacho pakiti ile inakuachia.

Sasa tuwatazame wenye maduka, kwa sababu wao ndio wanaoufanya uamuzi wako uwe mgumu kuliko unavyoonekana. Malipo yao 40 yana thamani ya shilingi 1,200,000, zaidi ya theluthi moja ya mauzo yako yote, na ndiyo yanayouvuta wastani wako kwenda juu. Ukiyaondoa, malipo madogo 1,160 yanayobaki yana thamani ya shilingi 2,130,000 na wastani wa takriban shilingi 1,836. Una biashara mbili ndani ya daftari moja: moja iko mbali sana chini ya mpaka wa 4,000, na nyingine iko mbali sana juu yake. Kila malipo ya duka yanapopita kwenye asilimia unakatwa shilingi 750, ilhali kwenye ada isiyobadilika ungekatwa 100 tu.

Ukipeleka malipo madogo kwenye kampuni ya asilimia na malipo ya maduka kwenye kampuni ya shilingi 100, makato yako yanakuwa shilingi 53,250 na shilingi 4,000, jumla shilingi 57,250. Hiyo ni nafuu kwa shilingi 26,000 kuliko kubaki na asilimia peke yake, na ni chini ya nusu ya kile ambacho ada isiyobadilika ingekuchukulia peke yake.

Faida ya kugawanya huonekana zaidi pale ambapo mtu angedhani kwamba kampuni zote ni sawa. Tuseme biashara ya jumla inakua hadi malipo 100 ya maduka kwa mwezi, na oda ndogo zinabaki zilivyo. Malipo yatakuwa 1,260, thamani yake shilingi 5,130,000, na wastani utapanda hadi takriban 4,071. Hapo ada isiyobadilika itakugharimu shilingi 126,000 na asilimia itakugharimu shilingi 128,250, na mshauri wa haraka atakuambia uchague yoyote kwa kuwa tofauti ni ndogo. Lakini ukiyagawanya utalipa shilingi 53,250 na shilingi 10,000, yaani shilingi 63,250, ambayo ni karibu nusu ya kila mojawapo. Kwa hiyo wastani unapokaribia mpaka, usiishie kwenye wastani. Angalia kama umetokana na malipo yanayofanana au na makundi mawili yaliyo mbalimbali.

Utekelezaji wake si mgumu. Namba au kiungo cha kampuni ya asilimia unakiweka mahali wanapoagiza wateja wa pakiti, na namba ya kampuni ya ada isiyobadilika unaiandika kwenye ankara za wenye maduka tu. Usiziweke zote mbili sehemu moja ukategemea mteja achague, kwa maana mteja hana sababu ya kujua ipi inakufaa wewe. Sharti la mpango huu ni moja: akaunti ya pili isiwe na ada ya mwezi inayozidi, au inayokaribia sana, zile shilingi 26,000 unazookoa. Na kama utajikuta unalinganisha daftari mbili kila jioni bila msaidizi, uchovu huo nao uuhesabu.

Nirudi kwenye kile kifungu cha mkataba. Kampuni inaposema asilimia 2.5, uliza kwanza: kuna kiwango cha chini cha ada kwa muamala? Muuzaji wa simu janja hahitaji kuuliza hivyo, lakini kwa muuzaji wa karanga hili ndilo swali linaloamua. Ikiwa kiwango cha chini ni shilingi 50, malipo yako ya shilingi 1,000, ambayo yalipaswa kukatwa shilingi 25, yatakatwa 50, na makato ya mwezi yatapanda kutoka 83,250 hadi 93,750. Bado ni nafuu. Ikiwa kiwango cha chini ni shilingi 75, malipo ya 1,000 na ya 2,000 yote yatakatwa 75, sawasawa na malipo ya 3,000, na makato ya mwezi yatafika shilingi 117,000. Hapo unabakiwa na unafuu wa shilingi 3,000 tu dhidi ya kampuni ya shilingi 100. Tangazo litaendelea kusema asilimia 2.5, lakini kwa malipo yako 1,160 kati ya 1,200 utakuwa unalipa ada isiyobadilika ya shilingi 75. Hata katika hali hiyo kugawanya kunasaidia, kwa kuwa malipo madogo yangekatwa shilingi 87,000 na ya maduka shilingi 4,000, jumla 91,000.

Kuna njia ya kujua mfumo halisi wa makato bila kutegemea maneno ya mtu wa mauzo. Kabla ya kuhamishia wateja wako, jilipe mwenyewe, au mwombe ndugu akulipe, mara tatu: shilingi 1,000, shilingi 3,000 na shilingi 10,000. Kisha fungua taarifa ya miamala na usome safu ya makato. Ukiona 25, 75 na 250, hiyo ni asilimia 2.5 tupu. Ukiona 50, 75 na 250, kuna kiwango cha chini cha shilingi 50. Ukiona 45, 95 na 270, kuna shilingi 20 inayoongezwa juu ya asilimia kwa kila muamala. Na ukiona karibu 30, 89 na 295, asilimia ni ileile lakini kodi ya ongezeko la thamani imewekwa juu yake, kisha shilingi zimekamilishwa. Malipo mawili hayatoshi kwa jaribio hili, kwa sababu kiwango cha chini na nyongeza ya kila muamala vinaweza kufanana mpaka uone la tatu. Yale ya shilingi 10,000 usiyaache, kwani ndiyo yanayoonyesha asilimia halisi bila kufunikwa na kiwango cha chini.

Ukishaujua mfumo, ni vema uupitishe kwenye malipo yako halisi ya mwezi badala ya kutumia wastani, kwa kuwa palipo na kiwango cha chini wastani peke yake hautoshi tena. Pakua taarifa ya miamala na uifungue kwenye Excel. Ikiwa kiasi kilicholipwa kiko kwenye safu ya B, andika fomula hii kwenye safu iliyo wazi, uivute hadi chini, kisha ujumlishe:

```
=MAX(B2*0.025,50)
```

Badilisha 0.025 na 50 kulingana na kampuni unayoipima. Kwa kampuni ya ada isiyobadilika huhitaji fomula. Zidisha idadi ya malipo kwa 100.

Hilo la kodi linahitaji maelezo kidogo. Ada ya huduma ya malipo hutozwa kodi ya ongezeko la thamani, na kiwango cha kawaida cha kodi hiyo Tanzania Bara ni asilimia 18. Kampuni moja inaweza kukutajia bei ambayo kodi imo ndani, na nyingine ikakutajia bei ambayo kodi itaongezwa baadaye, na ukizilinganisha hivyo hivyo utakuwa unalinganisha vitu viwili tofauti. Kama shilingi 100 inajumuisha kodi na asilimia 2.5 haijumuishi, makato yako ya asilimia si 83,250 tena, ni 98,235. Muuzaji aliyesajiliwa kwa kodi hiyo anaweza kuitumia ile aliyolipa kwenye ada katika marejesho yake; asiyesajiliwa anaibeba yote kama gharama. Kwa mauzo ya kiasi chako nadhani wewe uko kundi la pili, kwa hiyo omba kila kampuni ikutajie bei ya mwisho yenye kodi, na iwe kwa maandishi.

Gharama nyingine inayojificha ni ya kuhamisha fedha kutoka kwenye akaunti ya kampuni kwenda benki au kwenye simu yako. Ada ya asilimia hukatwa kidogo kidogo, lakini uhamisho mara nyingi hutozwa kwa kila safari. Tuseme kampuni ya asilimia inatoza shilingi 1,500 kwa kila uhamisho na ile ya shilingi 100 haitozi. Ukihamisha kila siku ya kazi, mara 26 kwa mwezi, utalipa shilingi 39,000 juu ya zile 83,250, na jumla itakuwa 122,250, zaidi ya kampuni uliyoikimbia. Ukihamisha mara nne kwa mwezi utalipa shilingi 6,000 tu, na jumla itakuwa 89,250. Swali linakuja kwamba je, mtaji wako unaruhusu fedha ikae wiki nzima? Mtu anayenunua karanga mbichi soko la Majengo kila asubuhi kwa fedha ya jana hawezi kusubiri. Mtu huyo aichukulie gharama ya uhamisho wa kila siku kuwa sehemu ya ada yenyewe tangu mwanzo wa hesabu.

Huenda pia ukaletewa mfumo wa mchanganyiko, yaani asilimia pamoja na ada ndogo isiyobadilika, mfano asilimia 1.5 na shilingi 60. Asilimia hiyo inavutia kwa kuwa ni ndogo, lakini kwa mwezi wako ingekuwa shilingi 49,950 na shilingi 72,000, jumla 121,950, ghali kuliko mifumo yote miwili uliyonayo. Kwa oda ndogo, ile sehemu isiyobadilika ndiyo inayoumiza. Kampuni ya Stripe huko Marekani ilijulikana kwa kutoza kadi za ndani asilimia 2.9 pamoja na senti 30. Kwenye mauzo ya dola 100 hiyo ni dola 3.20, lakini kwenye mauzo ya dola moja ni karibu senti 33, theluthi ya bei. Mitandao ya simu, kwa upande wake, huweza kutoza kwa ngazi, ambapo malipo yote yaliyo kati ya kiasi fulani na kingine hukatwa ada moja. Ngazi hizo zichukulie kuwa ada isiyobadilika ndani ya kila daraja, na uangalie oda zako zinaangukia wapi; pakiti inayouzwa shilingi chache juu ya mwanzo wa daraja hubeba ada kubwa kuliko zote kwa uwiano wa bei yake.

Mpaka sasa nimechukulia kwamba oda zako zitabaki zilivyo, lakini zipo ambazo unaweza kuzibadilisha, na hapo ndipo ada isiyobadilika hupata nguvu. Ikiwa miongoni mwa wanunuzi wako wa shilingi 2,000 kuna wafanyakazi wa ofisi za Mtumba wanaochukua zabibu kavu kila siku ya kazi, mmoja wao hulipa mara tano kwa wiki. Kwenye asilimia, akilipa mara tano za shilingi 2,000 au mara moja ya shilingi 10,000, makato ni shilingi 250 vilevile. Kwenye ada isiyobadilika, makato yanashuka kutoka shilingi 500 hadi 100.

Tuseme 300 kati ya yale malipo 510 yanatoka kwa wateja wa namna hiyo, na ukakubaliana nao walipe Jumatatu kwa wiki nzima. Malipo 300 yanakuwa 60 ya shilingi 10,000 kila moja, na hayo unayapeleka pamoja na ya maduka kwenye kampuni ya shilingi 100. Huko utakuwa na malipo 100, makato shilingi 10,000. Malipo 860 yanayobaki yana thamani ya shilingi 1,530,000, na kwenye asilimia tupu yatakatwa shilingi 38,250. Jumla ni 48,250, kutoka 57,250 ya kugawanya peke yake. Wanafunzi wa chuo kikuu nisingewasukuma kwenye mpango huu. Mwanafunzi hununua siku aliyo na fedha, na ukimtaka alipe shilingi 5,000 mwanzoni mwa wiki unaweza kupoteza oda ili kuokoa shilingi 25 za ada.

Malipo ya mbele yana hatari yake kwenye marejesho. Siku ambayo zabibu hazikupatikana na ukamrudishia mteja fedha yake, mara nyingi ada uliyokatwa wakati wa kupokea hairudi, na kumtumia fedha kunakuwa na ada nyingine juu yake. Kwa muamala wa shilingi 2,000, ada hizo mbili zinaweza kumaliza faida ya pakiti kadhaa. Kwa hiyo, kwenye makubaliano ya wiki, andika mapema kwamba siku iliyokosekana italipwa kwa pakiti ya ziada wiki inayofuata, na umwombe mteja akubali kwa ujumbe kabla hajalipa Jumatatu ya kwanza.